Nusu Saa Inayopandisha Ankara: Namna ya Kupunguza Tozo ya Mahitaji ya Juu ya Umeme

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wenye viwanda vidogo, mashine za kusaga, hoteli, shule, hospitali na maghala ya baridi ambao ankara zao za umeme zina mstari unaotaja kVA. Mstari huo ndio tozo ya mahitaji ya juu, ambayo watumiaji wengi huiita "gharama ya KVA". Malalamiko juu yake hufanana: mteja amezima taa, amebadilisha feni, uniti zimepungua, lakini ankara imebaki palepale. Sababu ni kwamba tozo hii haipimi umeme uliotumika mwezi mzima. Inapima nusu saa moja tu, ile ambayo mteja alivuta umeme kwa nguvu kubwa kuliko nusu saa nyingine yoyote ya mwezi huo.

Katika kurasa hizi tunaeleza namna ya kuitafuta nusu saa hiyo ndani ya kumbukumbu za mita, namna ya kuishusha kwa kubadilisha ratiba ya mashine, na ni wakati gani betri inafaa kumalizia sehemu iliyobaki.

Tozo inavyokokotolewa

Nchini Tanzania, mteja wa kundi T2 ni yule aliyeunganishwa katika msongo wa volti 400, anayetumia zaidi ya uniti 7,500 katika kipindi cha usomaji wa mita, na ambaye mahitaji yake hayazidi kVA 500. Kwa mujibu wa bei zilizoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016, mteja huyo alilipa shilingi 195 kwa kila uniti, shilingi 15,004 kwa kila kVA ya mahitaji ya juu kwa mwezi, na tozo ya huduma ya shilingi 14,233, kabla ya kodi na makato mengine. Tunatumia viwango hivyo katika hesabu zote za somo hili. Msomaji aweke badala yake viwango vilivyoandikwa kwenye ankara yake ya sasa; njia ya kukokotoa ni ileile.

Mita ya kundi hili huugawa mwezi katika vipindi vifupi. Katika mfano wetu kila kipindi ni dakika 30, hivyo siku moja ina vipindi 48 na mwezi wa siku 30 una vipindi 1,440. Kwa kila kipindi mita huandika wastani wa nguvu iliyovutwa. Mwisho wa mwezi, kipindi chenye namba kubwa kuliko vyote ndicho kinachotozwa, na vile vingine 1,439 havihesabiwi katika mstari huu wa ankara.

Neno "wastani" lina uzito hapa. Watumiaji wengi huamini kwamba mota inapowaka na kuvuta umeme mwingi kwa sekunde chache ndiyo inayowaumiza. Sivyo. Mota ikivuta ziada ya kVA 40 kwa sekunde 5 wakati wa kuwaka, ziada hiyo ikigawanywa katika sekunde 1,800 za nusu saa, wastani unapanda kwa takriban kVA 0.1 tu. Kinachoumiza ni mashine kubwa kadhaa kufanya kazi pamoja kwa sehemu kubwa ya nusu saa hiyohiyo.

Kuna kanuni nyingine mbili ambazo mteja hana budi kuzijua. Ya kwanza: kiwango kinachotozwa ni kile kilicho kikubwa kati ya mahitaji ya juu ya mwezi huo na asilimia 75 ya mahitaji ya juu kabisa ya miezi mitatu iliyotangulia. Kosa la mwezi mmoja, kwa hiyo, laweza kulipiwa miezi mingine mitatu. Ya pili: katika mwaka wa kwanza wa kuunganishwa, kiwango kinachotozwa huzingatia mahitaji ya juu kabisa yaliyorekodiwa tangu mteja alipounganishwa. Mwenye kiwanda kipya anayewasha mashine zote kwa pamoja siku ya majaribio, ili tu aone kama zinafanya kazi, anaweza kuilipia nusu saa hiyo mpaka mwaka uishe. Mashine mpya zijaribiwe kwa zamu.

Mfano: kiwanda cha mikate

Tuchukue kiwanda cha kuoka mikate mjini Morogoro. Ni kiwanda cha kubuni, na namba zake zimepangwa kwa ajili ya somo hili, lakini mashine zake ni zile zinazopatikana katika viwanda vingi vya aina hiyo. Kina matanuri mawili ya umeme, kila moja likivuta kW 30 linapopashwa moto. Mashine mbili za kukanda unga, kW 8 kila moja. Chumba cha baridi chenye kompresa ya kW 12. Pampu ya kisima ya kW 8. Pamoja na taa, feni na vifaa vidogo vya jumla ya kW 6.

Ankara yake ya mwezi ilikuwa hivi:

| Kipengele | Kiasi | Shilingi |
|---|---|---|
| Uniti | 24,000 | 4,680,000 |
| Mahitaji ya juu | kVA 107 | 1,605,428 |
| Tozo ya huduma | | 14,233 |
| Jumla kabla ya kodi | | 6,299,661 |

Robo ya ankara, basi, ilitokana na nusu saa moja.

Hatua ya kwanza: kusoma kumbukumbu za mita

Mteja aombe kumbukumbu za vipindi vya mita yake kutoka kwa mtoa huduma, kwa miezi isiyopungua mitatu. Zikifika katika lahajedwali la kompyuta, kila mstari huwa na tarehe, saa na namba ya kVA. Baadhi ya mita huandika uniti za kila nusu saa badala ya nguvu; hapo uniti huzidishwa kwa 2 ili kupata kW, kwa kuwa saa moja ina nusu saa mbili.

Kabla ya lolote, hakiki mambo matatu. Kwanza, namba kubwa kabisa katika kumbukumbu ilingane na kVA iliyoandikwa kwenye ankara. Ikiwa kumbukumbu inaonyesha 2.675 na ankara inasema 107, si lazima kuwe na kosa: mita hiyo hupima sehemu ndogo ya umeme kupitia transfoma za kupimia, na namba yake huzidishwa, katika mfano huu kwa 40. Lakini kama namba hazilingani hata baada ya kuzidisha, mteja ana haki ya kupata maelezo kutoka kwa mtoa huduma. Pili, mita husoma saa kuanzia usiku wa manane, hivyo 05:00 ya mita ni saa 11 alfajiri yetu. Tatu, uliza kama saa iliyoandikwa ni ya mwanzo au ya mwisho wa kipindi. Asiyejua hilo atatafuta mkosaji katika nusu saa ambayo si yake. Katika mfano wetu, saa ni ya mwanzo wa kipindi.

Sasa panga mistari yote kuanzia namba kubwa kwenda ndogo, kisha utazame ishirini ya juu. Usitafute namba tu; tafuta siku na saa zinazojirudia. Katika kiwanda chetu mistari minne ya juu kabisa, kati ya 105 na 107, yote ilikuwa Jumatatu saa 11:00 alfajiri. Wa tano ulikuwa 101, tarehe 17 saa 4:30 asubuhi. Iliyofuata, kati ya 95 na 100, ilikuwa siku nyingine za kazi, saa 11:00 alfajiri.

Mpangilio huo unajieleza. Jumapili kiwanda hufungwa na matanuri hupoa kabisa, hivyo Jumatatu hupashwa moto kwa muda mrefu zaidi. Mstari wa tarehe 17 ulieleweka mara tu mistari iliyoutangulia ilipotazamwa: ilikuwa sifuri. Umeme ulikatika kwa zaidi ya saa moja, na uliporudi kila kitu kiliwaka kwa pamoja, matanuri yakiwa yamepoa, chumba cha baridi kikiwa kimepata joto na tangi la maji likiwa tupu.

Hatua ya pili: kuhamisha matumizi

Tukishajua saa, tunauliza ni mashine zipi zilikuwa zikifanya kazi wakati huo na ni ipi ingeweza kungoja. Hapa mita haitoshi. Lazima kuzungumza na wapishi na fundi. Katika kiwanda chetu, saa 11:00 alfajiri matanuri mawili yalipashwa moto kwa pamoja, mashine zote mbili za kukanda zilifanya kazi, kompresa ilikuwa ikipoza, na pampu ilikuwa ikijaza tangi kwa sababu tu mlinzi alizoea kuiwasha anapomaliza zamu yake.

Mabadiliko matatu yalitosha. Pampu ilihamishiwa saa 4:00 usiku kwa swichi ya saa, kwa kuwa tangi lina ujazo wa kutosha siku nzima. Tanuri la kwanza liliwashwa saa 10:00 alfajiri na la pili saa 11:00, ili la pili lipashwe wakati la kwanza limeshapata moto na linavuta nusu tu ya nguvu yake. Kompresa ya chumba cha baridi ilizuiwa kuwaka kati ya saa 11:00 na saa 12:00, baada ya kupoza vizuri usiku. Badiliko hili la mwisho lina mpaka wake: kipimajoto kitazamwe kila siku, na joto likikaribia kikomo cha bidhaa zilizohifadhiwa, kompresa iwashwe bila kujali kVA. Maziwa na siagi vikiharibika, hasara yake hula akiba ya mwezi.

Matokeo ya Jumatatu asubuhi yalikuwa haya, kwa kVA:

| Saa ya mita | Saa yetu | Awali | Baada ya kuhamisha |
|---|---|---|---|
| 04:00 | 10:00 alfajiri | 20 | 59 |
| 04:30 | 10:30 alfajiri | 46 | 64 |
| 05:00 | 11:00 alfajiri | 107 | 69 |
| 05:30 | 11:30 alfajiri | 97 | 65 |
| 06:00 | 12:00 asubuhi | 65 | 71 |

Tazama mstari wa mwisho. Saa 12:00 asubuhi namba imepanda kutoka 65 hadi 71, kwa sababu kompresa iliyozuiwa kwa saa moja sasa inafanya kazi mfululizo kufidia. Matumizi yaliyohamishwa hayapotei, hurudi mahali pengine. Anayehamisha hana budi kutazama mahali yanapotua, la sivyo atabomoa kilima kimoja na kujenga kingine.

Kwa ajili ya kukatika kwa umeme, kiwanda kiliweka utaratibu ulioandikwa na kubandikwa kwenye bodi ya swichi. Umeme ukikatika, swichi za matanuri, pampu na mashine za kukanda huzimwa mara moja. Ukirudi, chumba cha baridi hutangulia, kisha tanuri moja, na la pili baada ya nusu saa, kisha kukanda huendelea. Pampu hungoja usiku.

Asubuhi ikawa imetulia, na kilele kipya kikajitokeza mchana: saa 8:00, kVA 83. Kilikuwapo siku zote, kikijificha nyuma ya kile cha alfajiri. Mahitaji ya kiwanda yameshuka kutoka 107 hadi 83, yaani kVA 24, sawa na shilingi 360,096 kwa mwezi. Gharama yake ilikuwa swichi za saa na mazungumzo na wafanyakazi.

Kabla ya betri: kagua pawa fakta

Mota hulazimisha waya kubeba umeme zaidi ya ule unaofanya kazi, na ndiyo maana kVA huwa kubwa kuliko kW. Uwiano wa kW kwa kVA huitwa pawa fakta. Kiwanda chetu cha mikate kina pawa fakta ya takriban 0.95, kwa sababu matanuri yake ni ya kupasha joto tu, hivyo hapo hakuna la kuokoa. Kwa mashine ya kusaga nafaka hali ni tofauti. Mota zenye jumla ya kW 80 na pawa fakta ya 0.75 huandikwa na mita kama kVA 107. Pawa fakta ikipandishwa hadi 0.95 kwa kufunga kapasita, kazi ileile huandikwa kama kVA 84. Mwenye hali hiyo aanze na kapasita, ambazo huwa na bei ndogo sana ukilinganisha na betri.

Hatua ya tatu: betri kwa kilele kilichobaki

Kilele cha mchana hakikuweza kuhamishwa. Unga ulioumuka haungoji, na mikate ya jioni lazima iwe sokoni kabla ya watu kutoka kazini. Hapa ndipo betri inapoweza kuingia: hujazwa usiku, kisha hulisha sehemu ya mashine wakati wa kilele ili mita isione yote.

Ukubwa wa betri haukisiwi, wala hautokani na ukubwa wa kiwanda. Huchorwa mstari katika kumbukumbu za mita na kuhesabiwa kilicho juu ya mstari huo. Kiwanda chetu kilichora mstari kwenye kVA 72, juu kidogo ya kilele cha asubuhi:

| Saa yetu | kVA | Juu ya mstari wa 72 |
|---|---|---|
| 8:00 mchana | 83 | 11 |
| 8:30 mchana | 79 | 7 |
| 9:00 alasiri | 74 | 2 |
| 9:30 alasiri | 68 | 0 |

Namba kubwa katika safu ya mwisho, 11, inatuambia nguvu ambayo betri lazima itoe. Jumla ya safu hiyo, 20, ikizidishwa kwa nusu saa, inatupa takriban uniti 10: hicho ndicho kiasi cha umeme kinachohitajika kwa siku. Kwa kuwa pawa fakta ya kiwanda ni nzuri, tunaweza kuchukulia kVA na kW kuwa karibu sawa katika hesabu hii.

Hata hivyo, betri ya uniti 10 haitoshi kutoa uniti 10. Haifai kuimaliza yote kila siku. Tuseme tunatumia asilimia 80. Sehemu nyingine hupotea kama joto katika inveta. Tuseme asilimia 10. Kumi ikigawanywa kwa 0.8 na tena kwa 0.9 tunapata karibu uniti 14. Betri huchoka kadiri miaka inavyopita, na kuna siku za oda kubwa, hivyo tunaongeza akiba na kufika uniti 18, pamoja na inveta ya kW 15.

Faida yake ni kVA 11 kwa mwezi, sawa na shilingi 165,044, au shilingi 1,980,528 kwa mwaka. Kutoka hapo hutolewa umeme unaopotea katika kujaza na kutoa, ambao kwa kiwanda hiki ni shilingi elfu chache kwa mwezi. Basi muuzaji akitaja bei ya shilingi milioni 20 pamoja na ufungaji, betri itachukua zaidi ya miaka 10 kurudisha fedha hizo, na mteja aulize dhamana ni ya miaka mingapi. Akitaja milioni 8, ni kama miaka minne. Uamuzi ni wa mteja. Tunachosisitiza ni kwamba hesabu hii ifanywe kutokana na mita yake, na si kutokana na kipeperushi cha muuzaji.

Je, kwa nini mstari usishushwe zaidi, hadi 62? Jibu liko katika umbo la kilele. Juu ya 72 kilele ni chembamba, kinadumu saa moja na nusu. Chini ya 72 kinapanuka ghafla, kwa kuwa kiwanda hutumia kati ya kVA 64 na 71 kwa takriban saa sita za siku. Ili kushuka kutoka 72 hadi 62, betri ingepaswa kutoa wastani wa kVA 5 kwa saa hizo sita, yaani uniti 30, na kVA 10 zaidi katika ile saa moja na nusu ya kilele, yaani uniti 15. Hizo ni uniti 45 za nyongeza kwa ajili ya kVA 10, ilhali kVA 11 za mwanzo zilihitaji uniti 10 tu. Betri ingekuwa zaidi ya mara tano kwa faida isiyofika mara mbili. Kwa kilele chembamba betri inafaa. Kwa kilele kipana, fedha hizo zitafutiwe kazi nyingine.

Mambo yanayoharibu mpango, na dalili zake

Kosa la kwanza ni kujaza betri mapema mno. Betri inayoanza kujaza kwa kW 15 mara tu kilele kinapopita, saa 9:30 alasiri, inakuta kiwanda kikivuta 68. Jumla inakuwa 83, kilele kilekile tulichonunua betri ili kukiondoa. Muda wa kujaza uwekwe usiku, na kwa nguvu ndogo.

Kosa la pili ni kuipa betri kazi mbili. Wenye viwanda wengi hupenda betri iendeshe taa na kompyuta umeme unapokatika. Umeme ukikatika asubuhi na betri ikaisha, mchana haitakuwa na kitu cha kutoa. Mwenye kutaka kazi zote mbili anunue uwezo wa zote mbili, na aamuru mtambo uhifadhi uniti za kilele bila kuzigusa.

Kumbukumbu za mita ndizo zitakazoonyesha kama betri inafanya kazi. Ikiwa inafanya kazi vizuri, mistari ya mchana husimama kwenye 72 kama meza iliyosawazishwa. Namba ikipanda mwishoni mwa kilele, kwa mfano 72, 72, kisha 74, betri imekwisha kabla ya wakati: imechoka au haikujaa. Namba ikipanda mwanzoni, kwa mfano 81 kisha 72, betri ilichelewa kuanza, au kihisi chake hakikufungwa kwenye waya mkuu unaoingia kutoka kwenye mita, hivyo hakioni mashine zote.

Kosa la tatu ni la kibinadamu, nalo ni ghali kuliko yote. Tuseme miezi imepita, kiwanda kinatozwa 72, halafu Jumatatu moja msimamizi mgeni, asiyejua utaratibu, anawasha kila kitu saa 11:00 alfajiri kama zamani. Mita inaandika 107. Mwezi huo kiwanda kinalipia kVA 35 za ziada, shilingi 525,140. Miezi mitatu inayofuata, hata kama utaratibu utazingatiwa kikamilifu, ankara haitashuka chini ya asilimia 75 ya 107, yaani 80.25. Hiyo ni ziada ya kVA 8.25 kila mwezi, jumla ya shilingi 371,349. Nusu saa moja imegharimu shilingi 896,489.

Kanuni hiyohiyo ya asilimia 75 inatuonyesha kwa nini mpangilio wa hatua ni muhimu. Kiwanda kikifunga betri mwezi uleule kinapobadilisha ratiba, kwa miezi mitatu betri itaokoa tofauti kati ya 83 na 80.25 tu, kama shilingi 41,261 kwa mwezi, na mwenye kiwanda atadhani ametapeliwa. Ahamishe matumizi kwanza, asubiri kumbukumbu za miezi mitatu, ndipo apime kilele kilichobaki na kuamua juu ya betri. Katika miezi hiyo mitatu huenda akagundua kwamba hahitaji betri kabisa.

Taratibu za kufuata

Kazi ya kufunga kapasita, inveta au betri ifanywe na fundi umeme mwenye leseni iliyotolewa na EWURA, na mtoa huduma ajulishwe kabla mtambo wowote haujaunganishwa sambamba na umeme wa gridi. Mteja anayeona kwamba kVA iliyotozwa haipo katika kumbukumbu za mita yake aandike malalamiko kwa mtoa huduma akiambatisha mistari inayohusika na nakala ya ankara. Asiporidhika na jibu, au asipojibiwa, anaweza kuyaleta malalamiko hayo kwenye Mamlaka.

Zoezi

Mwenye ghala la baridi ana kumbukumbu hizi za siku yenye kilele kikubwa: kVA 90 saa 6:00 mchana, 88 saa 6:30, 64 saa 7:00, na vipindi vingine vyote havizidi 66. Pampu yake ya kusafishia sakafu, inayovuta kVA 12, huwaka kuanzia saa 6:00 hadi saa 7:00 mchana. Je, afanye nini kwanza, na akitaka baadaye kufika 70 kwa betri, betri itoe uniti ngapi?

Jibu: Ahamishe usafi kwenye saa ambayo ghala linavuta chini ya kVA 58, ili jumla pamoja na pampu isivuke 70. Kilele cha mchana kitashuka hadi takriban 78 na 76. Juu ya mstari wa 70 zitabaki 8 na 6, jumla 14, ambazo zikizidishwa kwa nusu saa ni uniti 7 za kutolewa na betri. Asiyeanza na pampu angehitaji 20 na 18, jumla 38, yaani uniti 19, na angenunua betri karibu mara tatu kwa ajili ya kazi ya ufagio na maji.